Kadi Ilikuwa Nzima, Nyimbo Hazikufunguka

Mwaka juzi nilikuwa nashuka kwenye boti pale Kibirizi, simu ikanichomoka ikaingia ziwani. Maji yalikuwa ya magotini tu, kijana mmoja akaiokota upesi, lakini haikuwaka tena. Sikuhangaika sana. Nyimbo zangu zote zilikuwa kwenye memori kadi ya GB 64, na kadi haiharibiki kwa maji ya dakika mbili. Zilikuwa nyimbo kama 2,600: dansi la miaka ya 1970, taarabu, kwaya, na rekodi 19 nilizochukua mwenyewe shangazi zangu wakiimba harusini Kasulu. Shangazi mkubwa alikwisha kufariki.

Fundi akaikausha kadi, akaichomeka kwenye laptopu yake. Ukatokea ujumbe huu: "You need to format the disk in drive D: before you can use it". Akabonyeza Cancel, akanitazama.

"Mama, hii kadi uliifanya sehemu ya simu?"

"Sehemu ya simu kivipi, mwanangu?"

"Ulipoichomeka mara ya kwanza, simu ilikuuliza."

Kweli iliuliza. Baadhi ya simu za Android zinazopokea kadi hutoa njia mbili. Moja huandikwa kama "Use as portable storage": kadi inabaki kadi, unaitoa na kuisoma popote. Nyingine huandikwa kama "Use as internal storage", na mimi ndiyo niliyoichagua kwa sababu simu ilikuwa imejaa. Ukiichagua hiyo, simu huandika kila kitu kwenye kadi kwa maandishi ya siri, na ufunguo wa siri hiyo hukaa ndani ya simu yenyewe. Simu ikifa, ufunguo umekufa nao. Kadi yangu haikuwa na kasoro yoyote, ila hapakuwa na kifaa kingine duniani cha kuisoma. Fundi alihangaika na bodi ya simu siku tatu, ikagoma. Rekodi saba kati ya zile 19 nilizipata kwa dada yangu, niliyewahi kumtumia. Kumi na mbili zimekwenda.

Kwa hiyo kama nyimbo zako ziko kwenye kadi, ijaribu leo simu ikiwa bado nzima. Zima simu, toa kadi, ichomeke kwenye kompyuta. Ukiona mafolda yako, uko salama kwa upande huo. Ukiona ujumbe ule wa kufomati, au usione kitu, bonyeza Cancel na uirudishe kadi kwenye simu ileile. Itatambuana nayo kama kawaida. Kisha unganisha simu na kompyuta kwa waya, ondoa loki ya simu, chagua "File transfer", uhamishe nyimbo zote kabla ya kugusa kitu kingine. Hamisha folda mojamoja, maana kwa waya simu huweza kukwama katikati ya folda kubwa bila kusema. Hesabu mafaili ya pande zote mbili. Yakilingana, ndipo uifomati kadi upya kwa ile njia ya "portable". Kufomati kunafuta kila kitu, kwa hiyo usikimbilie.

Usitegemee kwamba simu inajihifadhia yenyewe. Google Photos huchukua picha na video, haichukui nyimbo. Zile ulizopakua ndani ya programu za kusikiliza muziki nazo si mafaili unayoweza kuyahamisha. Hufunguka ndani ya programu hiyo tu.

Sasa nyimbo zangu zinakaa sehemu tatu: laptopu, diski ya nje, na flashi iliyoko Tabora kwa kaka yangu. Ya Tabora niliiongeza baada ya jirani kuibiwa begi lililokuwa na laptopu na diski yake pamoja. Nakala mbili kwenye begi moja zilipotea kwa mkupuo.

Kunakili ndiko watu wengi hukosea, na hapa ningependa unisikilize vizuri. Kuna programu za kufananisha mafolda mawili, zikifanya la pili liwe sawasawa na la kwanza. Ukifuta wimbo kwenye laptopu kwa bahati mbaya, zinaufuta na kwenye diski. Faili likiharibika upande mmoja, lililoharibika linaweza kulifunika lililo zima. Wimbo si barua ya kusahihishwa kila siku, ukishaingia haubadiliki. Kwa hiyo ninachotaka ni kuongeza nyimbo mpya tu, zile za zamani zisiguswe kabisa. Kwenye Windows kuna amri inayofanya hivyo hasa, unaiandika kwenye Command Prompt:

```
robocopy C:\Muziki E:\Muziki /E /XC /XN /XO
```

C ni laptopu, E ni diski. Angalia herufi ya diski yako kwanza. /E inachukua na mafolda ya ndani. Zile tatu za mwisho zinaiambia iache kila faili ambalo tayari lipo kule, hata kama linatofautiana na la huku. Usiweke /MIR, utakayoiona kwenye maelekezo mengi. Hiyo ndiyo inayofuta kwenye diski kila kisichokuwepo kwenye laptopu.

Amri hii ina udhaifu mmoja. Umeme ukikatika au waya ukichomoka katikati ya kunakili, faili la mwisho linaweza kubaki nusu, na mara ya pili litarukwa kwa sababu jina lake tayari lipo. Likinitokea hilo, nafuta kwenye diski folda lililokuwa linanakiliwa, baada ya kuhakikisha lipo zima kwenye laptopu, kisha narudia.

Kuhusu flashi, nilinunua moja ya "GB 512" kwa bei ya kushangaza. Nyimbo za mwanzo zilipiga vizuri. Zilizofuata zilikuwa na majina na ukubwa wake, lakini ukibonyeza, kimya. Flashi za namna hiyo zimechezewa: ndani zina nafasi ndogo, ila zinaidanganya kompyuta, na kinachozidi kinapotea. Siku hizi flashi mpya naipima kabla haijabeba wimbo hata mmoja. Kuna programu ndogo ya bure inaitwa H2testw. Inaijaza flashi yote kisha inasoma ilichoandika. Ikiwa nzima, inasema "Test finished without errors". Kazi hiyo huchukua saa kadhaa, basi naiacha usiku. Na wala huhitaji flashi kubwa. MP3 ya kawaida ya kbps 128 hula karibu MB 1 kwa dakika, kwa hiyo nyimbo 2,600 za dakika tano ni kama GB 13. Ya GB 32 kutoka duka unaloweza kulirudia inatosha.

Flashi za Tabora ziko mbili, zinapishana. Kaka akija Kigoma kwa treni anarudi na ile yenye nyimbo mpya, ananiachia ya zamani. Akifika nampigia simu.

"Kaka, ichomeke. Fungua folda la Kasulu, rekodi ya nne, ipeleke hadi dakika ya sita."

Namwambia dakika ya sita kwa sababu faili lililokatika huanza vizuri, likanyamaza katikati. Kisha anachagua nyimbo nyingine tano kutoka mafolda tofauti, anazipeleka mbele vilevile, mimi nikisikiliza kwenye simu. Zote zikipiga, ile ya zamani naifuta na kuijaza upya, ikisubiri safari yake nyingine.