Agbada kwenye katuni: mchore mtu kwanza, kitambaa baadaye

Mchoraji wa kwetu akipewa hadithi ya harusi ya Wayoruba wa Nigeria, mara nyingi huchora kanzu kisha huipanua ili iwe agbada, joho lao pana la wanaume. Kasoro huanzia hapo. Kanzu ina mikono iliyokatwa peke yake na kuunganishwa begani. Agbada ni pande kubwa la kitambaa lenye tundu la shingo katikati, limelala juu ya mabega, nusu mbele na nusu nyuma, na pembeni limeachwa wazi pa kutokea viganja. Kile tunachokiona kama mkono wa nguo ni upana wa kitambaa chenyewe, hivyo usitafute mshono wa begani. Haupo.

Kwa sababu hiyo mimi huanza na mtu akiwa na nguo za ndani tu: shati, suruali iitwayo sokoto, na kofia yake, fila. Akisimama mikono ikining'inia, kiwiko kinakaa usawa wa kiuno, kifundo cha mkono usawa wa kinena, na ncha za vidole katikati ya paja. Vipimo hivyo nikishavipata ndipo navika agbada kwa tabaka la pili, juu ya penseli nyepesi. Ukianza na kitambaa, kiganja utakipachika popote kilipobaki nafasi, na mtu atatoka na mkono unaofika gotini au usio na kiwiko. Ukitaka kuipima picha iliyokwisha, weka kidole juu ya kitambaa pale unapodhani kiwiko kipo. Ukisitasita, msomaji naye atasitasita.

Kitambaa kinaning'inia kutoka mahali pawili: bega na mkono wa mbele. Mtu akinyanyua mkono, kati ya hapo pawili mikunjo inabonyea kama kamba iliyolegea, na kuanzia mkono kwenda chini inaanguka wima. Mkono ukipanda juu ya bega, kitambaa chote kinateleza kuelekea kiwikoni, na shati la ndani linaonekana. Brokedi ngumu iliyotiwa wanga huvunjika kwa pembe kali, pamba nyepesi huanguka kwa mviringo. Chagua moja mwanzoni, usibadilishe kila ukurasa.

Sasa suala la kulinganisha fremu na fremu. Mvaaji wa agbada hukusanya kitambaa na kukirundika begani kwa mikunjo ili mikono ifanye kazi. Kikiteleza, hukirusha tena juu, na hiyo ni ishara inayompa mtu uhai kuliko pozi lolote la kusimama wima. Kwa hiyo kila bega lina hali mbili tu za kukumbuka, limekunjwa au limeachiwa, na hali haibadiliki bila tendo. Pembeni mwa kila fremu naandika kwa penseli: kulia juu, kushoto chini.

Chukua tukio la bwana harusi anayelala kifudifudi mbele ya wakwe, heshima wanayoiita idobale. Fremu ya kwanza amesimama, mabega yote yamekunjwa. Ya pili amelala: hakuna mkunjo utakaobaki begani, kitambaa kimetandazika sakafuni pande zote mbili, na viwiko vinakinyanyua mahali pawili. Ya tatu ameinuka, kwa hiyo nguo lazima iwe imeachiwa, imefunika viganja. Wengi humrudisha hapa na mabega yaliyokunjwa vizuri kama fremu ya kwanza, na msomaji anaona kuna kitu kimerukwa hata kama hawezi kukitaja. Niliwahi kuongeza fremu ndogo, bega na kiganja tu, akirusha upande wa kulia. Ya nne akapokea kinywaji kwa mkono huohuo wa kulia, upande wa kushoto bado ukining'inia. Tukio zima likatulia.

Tarizi ya kifuani nayo ina upande wake. Katika mtindo wa kale, ambao Wahausa pia wanao kwenye joho lao, babban riga, nakshi nzito hukaa upande wa kushoto wa mvaaji, juu ya mfuko mpana, na upande wa kulia huwa na duara au nakshi ndogo. Mishono ya kisasa ipo inayolingana pande zote, ila ukichagua wa kale, usiigeuze picha kama kioo ili kupata pozi jipya. Mfuko utahamia kulia, na bwana harusi atampa mkwewe kitu kwa mkono wa kushoto, jambo ambalo Lagos ni utovu wa adabu kama ilivyo Tanga.

Tarizi naichora mara moja ikiwa bapa, kisha naipinda ifuate kifua kila fremu. Mkono wa kushoto ukivuka mbele ya mwili, kitambaa kinaifunika nusu. Iache ifunikwe. Kuisogeza ili ionekane yote ndiko kunakofanya kifua kionekane kama ubao uliobandikwa nakshi.