Oili ya haidroliki: 46, 68 na dumu lililoachwa wazi

*Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Niko Njombe, nina tipa ya mchanga na eskaveta ndogo ya tani 3. Tipa tunatumia oili ya 68, eskaveta kitabu chake kinasema 46. Wiki iliyopita dereva aliongeza lita 10 za 68 kwenye eskaveta, kutoka dumu lililokaa wazi nje kipindi cha mvua. Sasa asubuhi mashine ni nzito, pampu inalia, na oili kwenye kioo imekuwa kama chai ya maziwa. Mfumo mzima unabeba kama lita 50, tangi peke yake 30. Je, kosa ni kuchanganya namba? Nimwage yote?*

Ndugu yangu, kazi njema. Kwanza simamisha hiyo eskaveta, usiendelee kuchimba nayo. Pili, kilichoiumiza ni maji na uchafu wa kwenye dumu. Namba imechangia kidogo sana, na hilo tunaweza kulipigia hesabu.

Namba iliyoandikwa kwenye pipa, ISO VG 46 au ISO VG 68, ni kipimo cha uzito wa oili inavyotiririka ikiwa na joto la nyuzi 40. Namba haisemi lolote kuhusu ubora wala usafi. Tena kila namba ina nafasi yake ya asilimia 10 juu na chini, kwa hiyo oili yoyote kati ya 41.4 na 50.6 inauzwa kihalali kama 46. Ukichukua lita 40 za 46 ukaweka lita 10 za 68, mchanganyiko unafika takriban 50. Ndiyo kusema eskaveta yako bado ina oili ambayo kwa uzito inahesabika kuwa 46, ila iko pembeni kabisa mwa mpaka. Kwa asubuhi za Njombe, hasa Juni na Julai, uzito huo wa ziada utausikia kwenye mikono ya mashine kwa dakika chache za mwanzo, kisha utaisha oili ikipata joto. Hautaifanya oili kuwa nyeupe.

Weupe huletwa na vitu viwili tu, hewa au maji, na kuvitofautisha hakuhitaji maabara. Tafuta chupa safi, kavu, inayoonyesha ndani. Chota oili mara tu baada ya kuzima mashine, iweke mezani uiangalie. Kama ni hewa, oili itaanza kung'aa kutokea chini kwenda juu, na ndani ya saa moja hivi itakuwa imesafika. Kama ni maji, utarudi baada ya saa nzima uikute vilevile, na ukiiacha hadi kesho yake huenda ukaona tabaka la maji limekaa chini. Jaribio la pili ni kudondosha tone moja kwenye bati lililopashwa moto hadi tone la maji likianguka juu yake linachemka papo hapo. Oili yenye maji italia na kurusha vipovu, oili kavu itatulia ikitanuka kimya. Vaa miwani ukifanya hivyo, na bati liwe mbali na mwali wa moto.

Usitegemee kukuta maji mengi. Kwenye lita 50, nusu kikombe cha chai kinatosha kuichafua rangi oili yote. Na kiasi hicho kidogo ndicho kinacholiza pampu. Filta nyingi za mashine ndogo zina karatasi ndani, na karatasi ikinywa maji inavimba. Ikivimba, oili inashindwa kupita, basi vali ya pembeni inafunguka ili mfumo usikwame, na kuanzia hapo oili inazunguka bila kuchujwa kabisa. Uchafu wa dumu unapita moja kwa moja hadi kwenye pampu. Upande wa kufyonza nao, chujio lililo ndani ya tangi likishikwa na tope, pampu inavuta isichokipata, na huo mlio unaousikia asubuhi ndiyo sauti yake. Oili ikiwa baridi na nzito, mlio unazidi.

Hapa ndipo tipa na eskaveta zinapotofautiana. Pampu ya tipa kwa kawaida ni ya gia, imetengenezwa kwa nafasi kubwa kidogo kati ya vyuma, na inafanya kazi dakika moja au mbili kunyanyua bodi kisha inapumzika hadi safari nyingine. Inavumilia. Pampu ya eskaveta ni ya pistoni, inafanya kazi kutwa nzima, na vyuma vyake pamoja na spuli za vali vimeachiana nafasi ya mikroni chache tu. Jicho la mtu linaanza kuona kitu kikiwa na kama mikroni 40. Vumbi linaloua pampu hiyo ni la mikroni 5 hadi 15, kwa hiyo ukisema “nimeiangalia oili, ni safi”, hujaona chochote cha maana. Hata oili mpya kutoka kwenye pipa lililofungwa haijafikia usafi ambao pampu ya pistoni inautaka. Ndiyo maana mafundi makini huiingiza kwa pampu ya mkono yenye filta ya mikroni 10, hata kama pipa limefunguliwa leo. Kuchuja kwa fulana au soksi ni kujidanganya: mchanga mkubwa utabaki, ule mdogo utapita, na juu yake utakuwa umeongeza nyuzi za kitambaa.

Sasa kazi yenyewe. Iache mashine imesimama usiku mzima mahali tambarare, silinda zote umezikunja kadiri zinavyokunjika na ndoo imekaa chini. Kukunja kunarudisha oili nyingi zaidi kwenye tangi. Asubuhi, kabla hujawasha, punguza shinikizo la tangi kwa kulegeza mfuniko taratibu, kisha fungua nati ya kumwagia iliyo chini. Kitakachotoka kwanza ndicho cha kukitazama: maji yaliyojitenga, tope, pengine na kutu. Ukikuta chembe za rangi ya shaba zinazometa, pampu imekwishaanza kulika, na hapo mwite fundi wa pampu kabla hujanunua oili.

Mwaga tangi lote, toa chujio la kufyonzea, lisafishe, futa sakafu ya tangi kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, weka filta mpya ya kurudishia, jaza 46 mpya. Ila usidhani umemaliza. Tangi lako ni lita 30 kati ya 50, maana yake lita 20 za oili chafu bado zimo kwenye silinda, mipira na pampu. Baada ya kumwaga mara ya kwanza, asilimia 40 ya uchafu imebaki. Ukizungusha ukamwaga tena, inabaki 16. Kwa oili iliyokuwa nyeupe kama yako mimi ningemwaga mara mbili, na kati ya mara ya kwanza na ya pili ningeendesha mashine bila mzigo kama nusu saa, nikitembeza kila silinda hadi mwisho na kurudi, taratibu, ili oili ya zamani itoke ilikojificha. Kwenye mzunguko wa pili badilisha filta tena. Najua gharama inauma, lakini lita 60 za oili na filta mbili ni nafuu sana mbele ya pampu ya pistoni.

Kabla ya kuwasha baada ya kujaza, hakikisha nyumba ya pampu ina oili. Kwenye mashine nyingi kuna tundu la juu la kujazia, kitabu kinaonyesha. Pampu ikizunguka kavu kwa dakika moja tu inaweza kukwaruzika. Washa kwa mngurumo wa chini, usiguse mzigo, subiri mlio uishe. Kuna watakaokushauri usukume uchafu kwa dizeli. Kataa. Dizeli haina ulainishaji ambao pampu hiyo inautaka, na itabaki ndani ikiipunguza uzito oili mpya. Kuna pia watakaosema endesha tu, maji yatakauka kwa joto. Unyevu kidogo sana huenda ukatoka kupitia kipumulio, maji ya kuifanya oili kuwa nyeupe hayatoki hivyo. Na kama kuna aliyewahi kuongeza oili ya injini humo, hali ni mbaya zaidi, kwa sababu viungo vyake vya kusafishia huyashika maji yasijitenge hata ukiyaacha wiki nzima. Lakini kuna eskaveta ambazo kitabu chake chenyewe kinataka oili ya SAE 10W. Hizo zifuate kitabu chake, siyo ushauri wa jirani.

Kuhusu tipa, soma kitabu cha pampu na jeki yake. Kwa baridi ya Njombe, na kwa kuwa oili ya tipa haipati muda wa kuchemka, sioni sababu ya 68 ikiwa kitabu kinaruhusu 46. Ukiweka 46 kwenye zote mbili, ghalani kwako linabaki pipa la aina moja na dereva hana cha kuchanganya. Chagua oili moja, chapa moja, yenye herufi HM, au HV kama unafanya kazi milimani asubuhi na bondeni mchana, maana HV haibadiliki sana uzito joto likipanda na kushuka.

Lakini hata zikiwa oili moja, usihamishe oili kutoka tangi la tipa kwenda kwenye eskaveta. Bodi inaponyanyuka, makumi ya lita huingia kwenye jeki, na tangi linavuta hewa ya machimboni kujaza nafasi hiyo. Bodi ikishuka, bomba la jeki linarudi ndani likiwa na mchanga wake. Oili ya tipa ni chafu kwa asili ya kazi yake, na hiyo ndiyo sababu ya kutotumia hata ndoo na faneli moja kwa mashine zote mbili. Wakati wa kupima tipa, pima bodi ikiwa chini. Kuna madereva wanaofungua mfuniko bodi ikiwa juu, wanaona tangi limepungua, wanajaza, na bodi inaposhuka oili inafurika barabarani.

Pipa lenyewe liingie chini ya paa. Pipa lililosimama nje hukusanya maji ya mvua juu ya kifuniko. Mchana oili inatanuka na kusukuma hewa nje, usiku inasinyaa na kufyonza maji yale kupitia kizibo, hata kama umekikaza. Kama huna paa, lilaze, vizibo vyote viwili viwe usawa mmoja, kimoja kushoto na kingine kulia, vikiwa chini ya usawa wa oili ili visivute hewa. Dumu lililosababisha haya yote usilimalizie kwenye tipa. Itoe oili hiyo kwenye mahesabu ya haidroliki kabisa, umpe anayekusanya oili chafu.

Baada ya kumwaga mara ya pili, chota tena kwenye chupa mashine ikishafanya kazi kwa muda wa saa 10 hivi. Ikiwa imeanza tena kuwa na ukungu, maji yanaingia kwa njia nyingine: angalia mpira wa mfuniko wa tangi na kipumulio, na muulize anayeosha mashine anaelekeza wapi mkondo wa maji ya presha.