Jinsi ninavyogeuza slaidi za historia kuwa chemsha bongo ya raundi nne

Nafundisha historia sekondari hapa Moshi. Muhula uliopita nilikuwa na slaidi 22 za mada moja: upinzani wa jamii zetu dhidi ya uvamizi wa Wajerumani. Abushiri, Mkwawa, Mangi Meli, Maji Maji, wote wamo. Nilizifundisha wiki mbili, na nilipouliza maswali ya marudio, darasa zima lilikuwa linaitikia pamoja kama kwaya huku nusu ya wanafunzi wakifuata midomo ya wenzao. Ndipo nikaamua slaidi zilezile ziwe chemsha bongo ya makundi, yenye raundi nne zinazopanda ugumu. Nimeicheza na mikondo mitatu sasa. Naandika yale niliyojifunza kwa walimu wenzangu wanaotaka kujaribu.

Mara ya kwanza nilikosea jambo la msingi kabisa, yaani maana ya swali gumu. Raundi ya mwisho niliweka swali hili: gavana wa Kijerumani wakati Maji Maji inaanza alikuwa nani? Jibu ni Götzen, na lilikuwa kwenye slaidi, kwa herufi ndogo pembeni ya picha. Kundi moja lilikuwa na kijana aliyekuwa amelikariri, akalitaja, likabeba pointi 50. Makundi mengine manne yalikaa kimya kwa sababu hakukuwa na cha kufikiri. Ama unalijua jina au hulijui. Na mimi sikuwa na maelezo ya kutoa baada ya jibu, kwa kuwa jina halina "kwa nini".

Tangu hapo napandisha ugumu kwa aina ya kazi ambayo kichwa kinafanya. Raundi ya kwanza ni kukumbuka, ya pili kupanga matukio, ya tatu kutafuta sababu, ya nne kutoa hukumu na kuitetea kwa ushahidi. Slaidi moja inaweza kuzaa maswali ya raundi zote nne, kwa hiyo hulazimiki kutafuta habari mpya za kuwashangaza watoto.

Chukua slaidi yangu ya Maji Maji. Ilikuwa na mistari mitano: ilianza Julai 1905 Umatumbi, Kinjekitile Ngwale wa Ngarambe na dawa ya maji, kilimo cha pamba cha kulazimishwa, Wajerumani kuchoma vijiji na mashamba, vita kuisha 1907.

Swali la raundi ya kwanza lilitoka kwenye mstari wa kwanza. Vita vya Maji Maji vilianza mwaka gani? A: 1888. B: 1891. C: 1905. D: 1914. Angalia majibu yasiyo sahihi. Kila mwaka hapo ni wa kweli kwa tukio jingine ambalo wanafunzi wamelisoma: 1888 ni mwaka ambao Abushiri alianza mapambano pwani, 1891 ni mwaka wa Lugalo, ambapo Wahehe wa Mkwawa waliangamiza kikosi cha Wajerumani chini ya Zelewski, na 1914 ni kuanza kwa Vita Kuu ya Kwanza. Kundi likichagua B najua mara moja kwamba linachanganya Maji Maji na Mkwawa, na maelezo yangu yanakwenda moja kwa moja kwenye mkanganyiko huo. Ningeweka 1904, 1906 na 1907, kosa lisingeniambia lolote.

Kuhusu majibu ya kuchagua, kuna mtego ambao binti mmoja alinionyesha. Swali lilikuwa gumu kidogo, kundi lake lilikuwa halijaanza hata kujadiliana, akainua mkono: "Mwalimu, ni C." Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Ndiyo ndefu." Nilirudi kuyapitia maswali yangu yote na kweli, karibu kila jibu sahihi lilikuwa refu kuliko mengine, maana ndilo nililolipa masharti na ufafanuzi. Sasa nikimaliza kuandika swali nayatazama majibu kwa macho tu bila kuyasoma. Kama moja linatokeza, nalipunguza na ufafanuzi wake nauhamishia kwenye slaidi ya maelezo.

Raundi ya pili inacheza vizuri kwa vipande vya karatasi. Kila kundi linapewa matukio manne na kuyapanga: kunyongwa kwa Mangi Meli, vita ya Lugalo, kuanza kwa Maji Maji, kunyongwa kwa Abushiri. Mpangilio sahihi ni Abushiri, Desemba 1889; Lugalo, Agosti 1891; Meli, Machi 1900; Maji Maji, Julai 1905. Wanafunzi wetu wengi humweka Meli mwanzoni kabisa. Wanajua alinyongwa hapo juu tu, Tsudunyi, Old Moshi, wamesikia habari zake nyumbani tangu wadogo, basi huona ni za kale kuliko zote. Kumbe wakati huo Mkwawa alikuwa ameshakufa, mwaka 1898. Maelezo ya swali hili ni hayo hayo, sentensi mbili. Sitoi pointi zote au sifuri. Kila tukio lililo mahali pake lina pointi yake, la sivyo kundi linalokosea moja linaonekana sawa na lisilojua chochote.

Raundi ya tatu ndiyo iliyonipa shida kubwa. Swali langu la kwanza lilikuwa: kwa nini Wajerumani walishinda Maji Maji? Jibu langu lilikuwa silaha bora. Kundi moja lilichagua kuchomwa kwa mashamba na njaa, nikawanyima pointi. Wakapinga, na walikuwa na hoja. Wakasema bunduki zilikuwepo tangu siku ya kwanza na bado vita vilikwenda hadi 1907. Zilipita dakika kumi za mabishano, na sikuwa na haki ya kuyakata kwa sababu majibu yote mawili yalikuwa na ukweli. Niliwapa pointi na kuomba radhi.

Swali la sababu linaharibika pale linapouliza kitu kipana mno. Nikalibana hivi: wengi wa waliokufa katika Maji Maji waliuawa na nini? A: risasi katika mapigano. B: njaa na maradhi yaliyofuata. C: kunyongwa baada ya hukumu. D: kazi za kulazimishwa. Jibu ni B, na hapa hapana ubishi. Bado ni gumu, kwani wengi hukimbilia A. Ukisikia neno vita unafikiri risasi. Slaidi ya maelezo inasema hivi: "Wajerumani walichoma vijiji, mashamba na akiba ya chakula ili kuvunja uasi. Njaa iliyofuata iliua kuliko mapigano. Makisio ya vifo ni kati ya 75,000 na 300,000." Chini yake kuna mstari mmoja kuhusu A: risasi ziliua maelfu, ila mapigano yalikuwa sehemu ndogo ya maafa.

Utaona maelezo hayo hayazidi maneno 40. Nilianza na aya ndefu na hakuna aliyesoma, kila mtu alikuwa anatazama ubao wa pointi. Sasa maelezo yana mambo matatu tu: jibu, sababu yake, na kwa nini lile kosa linalovutia zaidi si sahihi. La tatu usiliache, kwa sababu mwanafunzi aliyekosea analo swali lake kichwani na usipolijibu ataondoka akiamini ameonewa. Halafu, kabla sijafungua slaidi ya maelezo, kundi lililojibu linatakiwa kusema sababu kwa maneno yake. Katika raundi ya tatu herufi sahihi ina pointi mbili na sababu ina pointi tatu. Hapo kubahatisha kunapoteza faida.

Raundi ya nne ni swali moja tu kwa darasa zima, na mimi hutumia historia ya hapa hapa. Mangi Rindi wa Moshi alishirikiana na Wajerumani, na mwaka 1891 watu wake walikuwa pamoja nao kumshambulia Mangi Sina wa Kibosho. Rindi akafariki mwaka huohuo. Mwanawe Meli akapigana na Wajerumani hao hao na kuwashinda mwaka 1892, kabla ya kushindwa mwaka uliofuata. Swali: je, Rindi alikuwa msaliti? Hakuna A wala B. Kundi lina dakika tano. Msimamo ulio wazi una pointi moja, kila ushahidi kutoka kwenye slaidi una pointi mbili, jumla isizidi sita, na kulijibu kundi linalopinga kuna pointi tatu. Maelezo yangu ya mwisho hayatoi hukumu. Yanawakumbusha kwamba Moshi na Kibosho walikuwa mahasimu kabla Mjerumani hajafika, na kwamba Rindi hakuwa na "Tanganyika" ya kuisaliti. Kisha nawaachia. Pointi hizi zinatangazwa kabla ya mchezo kuanza, kwa sababu ukizitangaza baada ya hoja watasema umependelea.

Kwenye muda, vipindi viwili vilivyoungana, dakika 80, vinatosha kwa maswali manane ya raundi ya kwanza, mipangilio mitatu ya pili, maswali manne ya tatu na lile moja la mwisho. Dalili ya kwamba ngazi zimepangwa vibaya ni rahisi kuiona. Kama raundi ya tatu inajibiwa haraka kuliko ya kwanza, maswali yake ni ya kukumbuka yaliyovalishwa "kwa nini". Darasa limekariri sababu kama lilivyokariri tarehe.

Upande wa kompyuta ni mfupi, natumia PowerPoint. Kila jibu ni kisanduku chake. Kichague, nenda `Insert`, halafu `Link`, halafu `Place in This Document`, uelekeze kwenye slaidi ya maelezo. Tatizo linalotokea ni kubonyeza pembeni kwa bahati mbaya, slaidi ikasonga na jibu likaonekana kabla ya wakati. Kuondoa alama ya `On Mouse Click` kwenye `Transitions` kunazuia kipanya, lakini mshale wa kibodi bado unasogeza. Kinachofunga vyote viwili ni `Slide Show`, `Set Up Slide Show`, kisha `Browsed at a kiosk (full screen)`. Hapo visanduku tu ndivyo vinavyofanya kazi, kwa hiyo weka pia kisanduku cha kwenda kwenye swali linalofuata, la sivyo utakwama mbele ya darasa. Maswali na maelezo yote ninayo pia kwenye karatasi. Umeme ulikatika kwenye mkondo wa pili, tukaendelea kwa ubao na chaki.

Nikimaliza, naandika kwenye karatasi hiyo ni jibu gani lisilo sahihi lilichaguliwa zaidi katika kila swali. Mkondo wa mwisho, makundi matatu kati ya matano yalichagua 1891 kwa Maji Maji. Jumatatu somo langu lilianza na ramani mbili ubaoni, Uhehe upande mmoja na Umatumbi upande mwingine, na nikawauliza anayetoka hapa kwenda pale anapita wapi.