Kusuka rasta za bila fundo bila kung'oa kingo za mteja

Rasta za kawaida huanza na fundo: nywele ya kuongeza inakunjwa katikati, inazungushwa kwenye shina, kisha msuko unaanza. Fundo hilo ndilo linaloshika, na ndilo linalovuta. Kwenye rasta za bila fundo unaanza na nywele za mteja mwenyewe, halafu unaongeza rasta kidogo kidogo unaposhuka. Mkono uliotulia hulipa hapa, kwa sababu kosa dogo la vidole huonekana kama uvimbe kwenye msuko.

Kabla ya kufungua begi, pitisha macho kwenye ngozi ya kichwa. Ukikuta mabaka yenye magamba na nywele zilizokatika, hasa kwa mtoto, huenda ni mapunye. Usisuke, na kichana kilichogusa kichwa hicho kisiguse kingine. Mwelekeze mteja hospitali au duka la dawa. Hakikisha pia nywele zimekauka hadi kwenye mashina. Nywele zetu zikilowa hurefuka, zikikauka hujikunja. Msuko uliofungwa ukiwa na unyevu utajikaza wenyewe usiku, mteja atashindwa kulala, na lawama ni zako.

Sasa gawa. Anzia kisogoni kupanda juu, kwa viboksi vinavyopishana kama matofali ya ukuta, ili njia zisionekane zimenyooka na kuacha ngozi wazi. Wasusi wengi hufanya viboksi vya mbele kuwa vidogo kuliko vya nyuma ili uso upendeze, kisha wanaweka rasta ya unene uleule. Hapo nywele chache, tena laini za panjani, zinabeba mzigo wa nywele nyingi. Ukitaka misuko myembamba mbele, punguza na rasta. Malaika, zile nywele fupi kabisa za ukingoni, ziache nje.

Gawanya boksi sehemu tatu, usuke mizunguko miwili au mitatu kwa nywele tupu, bila kukaza. Chukua kipande chembamba cha rasta, kiweke katikati ya urefu wake chini ya msuko, kila upande uungane na tawi moja la pembeni, kisha vusha mara moja. Ukichelewa kuvusha, kitateleza. Suka mizunguko mitatu mingine, ongeza cha pili kinene kidogo, halafu cha tatu. Uvimbe ukitokea, karibu kila mara kipande cha kwanza kilikuwa kinene mno. Fumua hadi hapo; kuufunika kwa jeli hakusaidii, kwani jeli ikikauka uvimbe unarudi.

Ukimaliza misuko ya mbele, mwambie mteja apandishe nyusi na acheke. Ngozi ya paji ikivutika, au ukiona vijipele vidogo kwenye mashina, umekaza. Fumua hapohapo. Tusidanganyane kwamba maumivu yatazoeleka baada ya siku mbili: mvuto unaorudiwa kila mwezi ndio unaorudisha nyuma mstari wa nywele, na mashina yakishaharibika kabisa nywele hazioti tena.

Wapo wateja wanaowashwa kichwa kizima kila wakisuka, hata ukisuka kwa ulegevu. Mara nyingi ni dawa iliyopakwa kwenye rasta kiwandani. Mteja wa namna hiyo mwambie aloweke rasta usiku kwenye maji yenye siki, azisuuze na kuzianika.

Ncha huzibwa kwa maji ya moto. Nyumbani kwa watu kuna watoto wanaopita, kwa hiyo beba jagi pana lenye mshikio, lisiwekwe sakafuni. Mteja akae wima, taulo mgongoni, wewe ukichovya ncha tu kwa mafungu, kisha uzikamue kwa taulo jingine kavu. Usimmwagie.

Bei ipange kwa muda. Chukua kichwa cha misuko 80 ya unene wa kati, hadi kiunoni. Msuko mmoja ukikuchukua dakika 5, ni dakika 400, yaani saa 6 na dakika 40. Ukianza saa 2 asubuhi, unamaliza kusuka saa 8 na dakika 40 mchana. Ongeza kugawa, chakula na maji ya moto, ni saa 10 jioni. Siku hiyo huna mteja wa pili. Rasta nazo: vipande vitatu kwa kila msuko ni vipande 240. Fungu moja likikupa vipande 40, mwambie anunue mafungu 6, na la 7 la akiba la rangi na namba ileile, kwa sababu la kuongezea likinunuliwa saa 8 mchana duka jingine, rangi inaweza isifanane. Akiona bei ni kubwa, mpe misuko 50 minene zaidi, siyo punguzo kwenye ile 80.