Ngwini ni ndege nusu?

SWALI: Mwalimu, nimesoma kwamba Wamarekani huona robini ni ndege "zaidi" kuliko ngwini. Inakuwaje, wakati kamusi inasema ndege ni kiumbe mwenye manyoya na mabawa, basi? Na eropleni, je, nayo ni ndege wa pembeni kama ngwini?

JIBU: Kamusi yako haijakosea, ila imejibu swali jingine. Yenyewe inaeleza nani anaingia kundini. Mwanasaikolojia Eleanor Rosch alitaka kujua nani anakuja kwanza akilini. Katika utafiti aliouchapisha mwaka 1975, aliwapa wanafunzi wa Kimarekani orodha za majina wayapime kwa alama 1 hadi 7, 1 ikiwa mfano bora kabisa. Kwenye orodha ya ndege robini aliongoza, ngwini akawa karibu na mkia. Robini ni mdogo, anaruka, anaimba, anajenga kiota mtini: sifa ambazo ndege wengi wanazo. Ngwini hana nyingi kati ya hizo. Mfano ule wa katikati ndio huitwa prototaipu.

Kwetu robini hajulikani. Mimi ningemweka shomoro. Mtu akikwambia "kuna ndege dirishani", ukaenda ukakuta kuku, hutasema amekudanganya, lakini utacheka. Jaribu pia neno "lakini". "Ni ndege lakini haruki" inasemeka vizuri. "Ni ndege lakini anaruka" inakwaruza sikio, kwa sababu kuruka tumeshakutarajia tangu liliposikika neno "ndege".

Hata hivyo, usikimbilie kusema ngwini ni ndege nusu. Mwaka 1983 wanasaikolojia Armstrong na akina Gleitman wawili waliwapa watu namba witiri wazipime vivyo hivyo, na 3 ikaonekana witiri bora kuliko 447. Hakuna namba iliyo witiri kidogo! Kwa hiyo alama hizo zinapima ubora wa mfano. Haki ya kuwamo kundini ni suala jingine, na hapo wafuasi wengi wa nadharia hii ya prototaipu huteleza.

Eropleni haimo kabisa katika mstari huo wa shomoro, kuku na ngwini. Ni maana nyingine, iliyochipuka kutoka ile ya msingi kwa sababu ya kuruka tu. Manyoya, mayai na kiota vimeachwa nyuma. Sarufi yetu inalionyesha hilo waziwazi: ngwini, pamoja na upembeni wake, ni ndege *huyu*, na wakiwa kumi ni ndege *wale*. Eropleni ni ndege *hii*, imetua, zimechelewa. Ukitaka kuhakikisha, jaribu kuzihesabu pamoja. "Nimeona ndege wawili, shomoro na ngwini" haina shida. Sasa weka shomoro na Boeing: utasema wawili au mbili? Sentensi inakwama hapohapo.