Kitufe cha N kimeng'oka: nibadilishe kimoja au kibodi nzima?

"Nipo Wete. Kitufe cha N kwenye laptopu yangu ya HP kimeng'oka. Fundi ananambia ninunue kibodi nzima. Kweli?"

Usinunue bado, shekhe. Bonyeza taratibu kwa kidole kile kimpira kilichobaki wazi. Ikiandika n kila mara, kibodi ni nzima. Isipoandika, au ikiwa na vitufe vya jirani vimekufa (hasa kama iliwahi kumwagikiwa chai), fundi wako yuko sawa.

Ikiandika, zima laptopu, ng'oa B uijaribu pale penye N. Herufi zina ukubwa mmoja. B ikikaa vizuri, kilichovunjika ni kifuniko cha N tu. Ikiyumba, tazama vibano viwili vya plastiki vilivyopishana chini yake, kimoja kitakuwa kimekatika.

Hapo ndipo watu hupoteza pesa. Laptopu za modeli moja huweza kuwa na kibodi za viwanda tofauti, na vibano vyake haviingiliani. Mpelekee muuzaji wa Darajani picha ya karibu ya kifuniko kwa nyuma, vibano na vijino vya chuma, akulinganishie kabla hajakupakilia kwenye boti.

Ikibidi kibodi nzima, soma namba ya kifaa iliyo kwenye stika ya mgongoni mwake. Angalia na Enter: ya Uingereza ni ndefu kwenda juu, na Shift ya kushoto ni fupi. Ya Kimarekani mara nyingi haitakaa kwenye fremu hiyo. Kama yako inawaka taa, hesabu pia nyaya bapa: ya taa huwa peke yake.