Pakiti ndogo kwa wateja wa kipato cha chini: anza na sarafu, sio na gramu

"Wakuu naombeni msaada, nina asaimenti ya maketing kuhusu wateja wa chini ya piramidi, natakiwa nipange bei na ujazo wa sacheti ya sabuni ya unga. Nimechukua bei ya kilo nikagawanya kwa gramu, lekchara kasema hapana. Naanzia wapi?"

Lekchara yuko sahihi. Nimefanya kazi kwenye mauzo ya sabuni ya unga miaka kadhaa na pale hesabu ilikuwa inaanzia mwisho kurudi mwanzo. Mteja anayelipwa kwa siku anakuja na sarafu mkononi, kwahiyo bei ni ile sarafu, imeshapangwa tayari, kazi yako ni kutafuta gramu ngapi zinaweza kuishi ndani yake.

Tuseme sarafu ni ya 10 (namba ni za mfano, wewe weka zako). Mwenye duka achukue 1.5, wa jumla 0.7, kodi 1.3, faida ya kiwanda 1, plastiki ya pakiti pamoja na boksi 1.5, kujaza na usafiri 0.8. Jumla 6.8, imebaki 3.2 ya unga wenyewe. Kama gramu moja inagharimu 0.1 unapata gramu 32. Sasa hapo ndo wengi wanafunga hesabu wanaandika gramu 32, kumbe hujauliza swali kubwa: beseni moja la nguo linataka gramu ngapi? Ukipima ukakuta ni 40 basi sacheti yako haifui, mteja ataimwaga yote povu halitoshi na atasema sabuni mbovu, hatasema pakiti ndogo, na harudi.

Kwahiyo unarudi kukata. Faida ya kiwanda ishuke mpaka 0.5, plastiki na boksi mpaka 1.2, umeokoa 0.8, unga unakuwa wa 4 ambayo ni gramu 40, fuo moja kamili. Ila plastiki nyembamba nayo ina mambo yake, unyevu unaingia unga unaganda, na vumbi la sabuni likinasa kwenye mshono wakati mashine inafunga, mshono haushiki vizuri. Kujua ni rahisi, zamisha pakiti kwenye maji uibonyeze, ukiona mapovu madogo yanatoka pembeni hiyo inavuja.

Kitu kingine ambacho vitabu vinapita haraka ni mashine ya kujaza. Hakuna mashine inayopiga gramu 40 kila mara, inacheza juu na chini, na kwa vile hutaki mteja apunjwe (na watu wa vipimo wapo) unaiseti juu kidogo. Ukizidisha gramu 2 kwenye mfuko wa kilo umetoa bure asilimia 0.2, huwezi hata kuisikia, lakini gramu 2 hizohizo kwenye sacheti ya 40 ni asilimia 5. Ile faida ya 0.5 uliyobakiza, 0.2 imeshaliwa na mashine. Mimi ningeiweka hii kwenye asaimenti kabla ya kitu kingine chochote maana inaonyesha kwanini sacheti ni biashara ya wingi mkubwa na usahihi, sio ya kukata kilo vipande vipande.

Halafu jiulize malighafi ikipanda asilimia 10 inakuwaje. Gramu inakuwa 0.11, zile 40 zinashuka mpaka 36, umerudi chini ya fuo moja. Kuuza 11 huwezi, chenji haipo, mwenye duka ataizungusha apate namba anayoitaka yeye. Ndo maana sacheti inabidi uiache na nafasi ya kupumua tangu mwanzo, au uwe na saizi ya pili kwenye sarafu inayofuata.

Kuhusu unafuu, usiandike kwamba sacheti ni rahisi bila kupiga bei kwa gramu. Kama kilo inauzwa 200 ni 0.2 kwa gramu, sacheti yako ni 0.25, yaani mwenye hela kidogo analipa robo zaidi. Profesa Aneel Karnani alimkosoa mwaka 2007 C.K. Prahalad, yule aliyeeneza wazo la kuuza kwa wateja wa chini ya piramidi, kwenye hoja hii hii, kwamba pakiti ndogo inasaidia mtu kupangilia matumizi yake lakini bidhaa yenyewe haijashuka bei. Kwenye shampuu India imewahi kuwa kinyume, kwa mililita sacheti ilikuwa nafuu kuliko chupa, matokeo yake hata wenye uwezo wakawa wananunua sacheti, chupa zikawa ngumu kuuzika. Kwahiyo weka jedwali la saizi zote mbili pamoja uonyeshe nani atahama kwenda wapi.

Na ukienda madukani kukusanya data usiulize tu sacheti ngapi zimeuzwa, uliza mwenye duka ameagiza tena baada ya muda gani. Oda ya kwanza anachukua kwa sababu ya ofa, ya pili ndo inatoka kwa wateja waliorudi.